Vipande 240 Ambavyo Havikuwahi Kuingia Dukani

Mwisho wa mwezi, katika duka moja la jumla na rejareja, tulihesabu sabuni za kuogea. Kompyuta ilisema zimebaki vipande 240. Rafu ilikuwa tupu, stoo hakuna kitu. Mwenye duka akamgeukia msichana wa kaunta, naye akajibu kwa sauti ya chini: "Bosi, mimi sijachukua hata kimoja."

Alikuwa anasema kweli. Sabuni ile hununuliwa kwa katoni na kuuzwa kwa kipande, kwa hiyo kompyuta ilishaelezwa kwamba katoni moja ni vipande 72. Mzigo wa mwisho ulikuwa katoni 10, ikaandika 720. Kumbe kiwanda kilikuwa kimebadilisha ufungaji. Boksi lilipungua kidogo tu, na ubavuni, kwa maandishi madogo, limechapwa 48. Vilivyoingia dukani ni vipande 480.

Upungufu wa aina hii una alama yake. Tofauti ya kila katoni ni vipande 24. Gawanya 240 kwa 24, unapata 10 kamili, idadi ileile ya katoni zilizopokelewa. Wizi au uharibifu ni nadra kugawanyika sawasawa namna hiyo. Ndiyo maana naumia kuona muuzaji anakatwa mshahara kabla ya mtu kuchukua ankara na kufanya hesabu hii ya dakika moja.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa kwenye bei. Katoni mpya ilinunuliwa shilingi 36,000. Kompyuta iligawa kwa 72, ikaona kipande kimegharimu 500. Mwenye duka akauza 650, akijua anapata faida ya 150. Gawanya kwa 48: kipande kilimgharimu 750. Kila mteja aliyeondoka na sabuni aliondoka na shilingi 100 za duka, na kadiri biashara ilivyochangamka ndivyo mtaji ulivyoliwa. Vipande 480 vilimpotezea shilingi 48,000, huku ripoti ikionyesha faida ya 72,000.

Kosa la kinyume, yaani kupokea katoni 10 na kuingiza vipande 10, hugundulika upesi: baada ya kuuza kipande cha kumi na moja, idadi inashuka chini ya sifuri. Hili la 72 na 48 hujificha mpaka siku ya kuhesabu mali.

Kulirekebisha kunataka uangalifu. Ukifuta 72 na kuandika 48, baadhi ya mifumo itapiga upya hata manunuzi ya zamani, na katoni zilizokuwa na vipande 72 kwelikweli zitaharibika kwenye kumbukumbu. Sisi tuliiacha katoni ya 72 ilivyo, tukafungua kipimo kipya cha katoni ya 48, kisha tukapunguza vile 240 kwa maelezo kwamba ni kosa la mapokezi. Siku hizi mzigo ukishushwa, boksi moja la kila bidhaa linafunguliwa na kuhesabiwa kabla ankara haijasainiwa, na anayehesabu ni yule msichana wa kaunta.