Sindano ikikuchoma kazini, andika saa kabla ya kwenda nyumbani

Kwa familia nyingi za Masasi na Newala, neno Mkomaindo maana yake ni hospitali. Watu huizungumzia kwa habari za wagonjwa na wanaojifungua. Lakini hospitali yoyote ni mahali pa kazi pia. Wazazi huamka alfajiri kwenda kufua mashuka, kupiga deki na kubeba taka, na ajali inayowapata mara nyingi ni ndogo kiasi kwamba huonekana haina haja ya kusemwa: kuchomwa na sindano iliyokwisha kutumika.

Chukulia mama anayefanya usafi wodini. Anafunga mfuko wa taka, na sindano ambayo ilitakiwa iwe ndani ya sefti boksi inapenya glavu na kumchoma kidole. Damu ni tone tu. Wengi hapo hukaa kimya. Wanaogopa kuambiwa wazembe, wanaogopa kupimwa, na zaidi wanaogopa swali la mume usiku.

Hatua ya kwanza ni maji ya bomba na sabuni, hapo hapo. Kidole hakikamuliwi wala hakipakwi jiki. Kama ni damu iliyoruka jichoni, jicho linaoshwa kwa maji mengi bila sabuni. Kisha anakwenda kwa muuguzi mfawidhi wa wodi, hasubiri zamu iishe, na taarifa hiyo ifike kwa anayesimamia usalama au udhibiti wa maambukizi.

Haraka hiyo ina sababu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa chache, na baada ya saa 72 hazianzishwi tena. Humezwa kwa siku 28. Uwezekano wa kupata VVU kwa sindano yenye damu ya mwenye virusi, bila dawa, ni kama mara 3 katika 1,000. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi kwa asiyechanjwa, kwa hiyo naye atatakiwa kuulizwa kama amepata chanjo.

Sasa maneno yenyewe. Taarifa inayosema “jana nilichomwa kidogo wodini” haimsaidii daktari wala mwajiri. Inayosaidia inasomeka hivi:

“Jumanne, saa 2:10 asubuhi, wodi ya upasuaji wanaume. Nilikuwa nafunga mfuko wa taka, sindano yenye tundu iliyokuwa ndani ikanichoma kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Nilivaa glavu nyepesi. Damu ilitoka kidogo. Saa 2:12 nilinawa kwa sabuni na maji ya bomba. Walioona ni muuguzi wa zamu na mhudumu mwenzangu. Saa 2:15 nilimwambia muuguzi mfawidhi. Haijulikani sindano ilitumika kwa mgonjwa gani.”

Mashahidi waandikwe kwa majina yao kamili. Hakuna neno la kumlaumu aliyeitupa sindano, na hilo ni sawa. Kulitafuta kosa ni kazi ya uchunguzi. Kama hakuvaa glavu, aandike hivyo hivyo. Uongo mdogo kwenye glavu ukigundulika, hata saa iliyoandikwa itatiliwa shaka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kipimo cha siku ile ile. Mfanyakazi hupimwa mara moja, kisha hurudiwa baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu. Jibu la siku ya kwanza likiwa safi, linaonyesha kwamba hakuja na maambukizi kutoka nyumbani. Asiyepima siku hiyo, akikutwa na virusi baadaye, atakosa ushahidi wa lini vilimwingia.

Ushahidi huo unahitajika kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaohudumia sekta ya umma na binafsi. Mfuko haumdai mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa. Mwajiri akishaambiwa ana siku saba za kuutaarifu Mfuko, na madai hayatakiwi kupitisha miezi 12.

Hapa wahudumu wa usafi hukwama. Pale wanapoajiriwa na kampuni ya zabuni, mwajiri wao ni kampuni, siyo hospitali. Muuguzi mfawidhi atawapatia dawa, lakini taarifa ya fidia lazima imfikie msimamizi wa kampuni, kwa maandishi, siku hiyo hiyo. Nakala moja, au hata picha yake kwenye simu, ibaki kwa mfanyakazi.

Nyumbani, mwenza aambiwe mapema, kwa sababu kondomu zitahitajika mpaka majibu ya mwisho yatoke. Mama anayenyonyesha amwambie daktari kabla ya kuondoka na dawa, na kidonge cha kwanza akimeze hapo hapo hospitali.