Tulikuwa tunajiuliza kama ungeweza kulipa

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani katika kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam. Makao makuu yalikuwa nje ya nchi. Barua zilikuja kwa Kiingereza, nami kazi yangu ilikuwa kuzigeuza Kiswahili kabla hazijawafikia wateja. Siku moja ikaja barua ya kumkumbusha mteja deni, barua ya adabu iliyopitiliza. Ndani yake hakuna aliyedai chochote: wenye mali "walikuwa wakijiuliza" iwapo mteja "pengine angeweza" kulipa ankara yake. Nikaitafsiri neno kwa neno, nikaituma.

Kesho yake mteja akapiga simu. Alikuwa mzee mwenye ghala Kariakoo, mtu wa utani lakini asiyependa kuchezewa. "Kijana," akasema, "huko mlikokuwa mnajiuliza, mmepata jibu?"

Nilicheka naye, kisha nikamwomba pesa kwa mdomo, kwa sentensi moja. Hakuchukia hata kidogo. Kilichomkera ni ile barua. Kwa sikio lake ilikuwa ya mtu anayezungukazunguka, ama hana uhakika na hesabu zake, ama anamkejeli. Na ilikuwa imeandikwa makusudi ili isimkere.

Tangu hapo nimesoma barua za kikazi kwa jicho jingine. Watu husema Mwingereza ni mtu wa moja kwa moja na Mswahili ni mtu wa kuzunguka. Wengine husema kinyume chake, wakikumbuka kwamba kwetu mtu anaweza kukuambia "umenenepa" mlangoni kabla hujakaa. Madai yote mawili hayanisaidii mezani. Ninachokiona kwenye karatasi ni kwamba lugha zote mbili hulainisha neno gumu, ila kila moja huuweka ulaini mahali pake.

Kiingereza cha ofisini huuweka ndani ya sentensi yenyewe. Jambo huletwa mapema, mara nyingi katika aya ya kwanza, kwa sababu msomaji hana muda. Ukali wake hupunguzwa kwa vitenzi vya mashaka, kwa swali lililovaa nguo za ombi, kwa "pengine" na "kidogo", au kwa kusema "naogopa kwamba" pale ambapo hakuna anayeogopa chochote. Kiswahili huuweka kabla ya sentensi: katika salamu, katika jina unalomwitia mtu, katika kutaja uhusiano mliokuwa nao. Baada ya hapo jambo lenyewe husemwa bila mapambo. "Tunaomba utulipe" ni maneno mawili tu, na hayana ukorofi wowote ikiwa yamefuata njia yake.

Ndiyo maana viungo vya Kiingereza havisafiri. "Naogopa hatuwezi kukupa mkopo" humfanya msomaji aulize unamwogopa nani. "Unaweza kututumia hati?" ni swali kuhusu uwezo. Vijana wa mjini siku hizi hulisikia kama ombi, lakini mtu wa makamo anaweza kujibu "naweza" na asitume kitu, wala hatakuwa amekosea. Ni kweli kwamba katika mazungumzo tunasema "nilikuwa naomba unisaidie", tukirudisha ombi nyuma kama wafanyavyo Waingereza. Lakini angalia kitenzi: bado ni kuomba. Mswahili anaweza kuomba kwa sauti ya chini, ila haombi kwa kujiuliza.

Vifaa vyetu wenyewe vimo ndani ya kitenzi, na vingi tunavitumia bila kuvitazama. Kikubwa kuliko vyote ni kile kisilabi "ja". Sema "hujalipa" na "hukulipa". La kwanza linasema kwamba hadi sasa hapana, lakini mlango uko wazi na unatarajiwa kupita. La pili limefunga: wakati ulifika, ukapita, nawe hukufanya. Tofauti hiyo ya silabi moja hubeba mzigo ambao Kiingereza kingeubebesha sentensi nzima ya kubembeleza. Ukitaka ulaini zaidi, mwondoe kabisa mtu kwenye kitenzi: "hatujapokea malipo". Hapo mkosaji hayupo. Kuna pesa tu ambazo hazijafika, na huenda zipo njiani.

Kuna pia ile "ik" ya "imeshindikana" na "haikuwezekana". Kwa kitenzi hicho jambo hukwama lenyewe, bila mtu kulikwamisha. Barua za kukataa maombi huiegemea sana, na ni haki yao. Binamu yake ni "jitokeza", kama katika yale matangazo ya kukatika kwa maji au umeme yanayoomba radhi kwa "usumbufu utakaojitokeza". Usumbufu unajitokeza wenyewe, kama uyoga baada ya mvua.

Mtego mkubwa zaidi nauona katika kauli ya kutendwa. Kwa Kiingereza, kusema kwamba mtu "anaombwa" kufanya jambo ni kurudi hatua moja nyuma, ni adabu. Kwa Kiswahili ni kupanda jukwaani. "Tunaomba ufike" ni ombi, maana mwombaji ameonekana na amejishusha. "Unaombwa kufika" limemficha mwombaji, na nyuma yake msomaji anaona meza, muhuri na mlinzi. Haishangazi kwamba mara nyingi hufuatiwa na "bila kukosa". Ombi gani hilo lisiloweza kukataliwa? Na ukipanda kutoka "unaombwa" hadi "unatakiwa", kisha "unaagizwa", umetoka kabisa katika biashara.

Mtindo huo tuliuzoea serikalini. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba shughuli za serikali ya Tanzania ziendeshwe kwa Kiswahili, na maofisa wakajenga barua yenye sura tunayoijua: kumbukumbu namba, "Yah:", "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", na mwisho "wako katika ujenzi wa Taifa". Ni sura nzuri kwa mkubwa anayeandikia watu wa chini yake. Mfanyabiashara anayeiazima kumwandikia mteja wake huwa amejipa cheo asichonacho, na mteja huhisi hivyo hata kama hawezi kusema ni neno gani lililomchoma.

Tuchukue mfano wa kubuni tuone mambo haya yakifanya kazi. Duka la vifaa vya ujenzi Morogoro lilimkopesha fundi mkandarasi mifuko 200 ya saruji tarehe 3 Machi, kila mfuko shilingi 17,000, jumla shilingi 3,400,000, kwa makubaliano ya kulipa ndani ya siku 30. Tarehe 2 Aprili imefika, hakuna kitu. Wiki moja baadaye mwenye duka anaandika:

"Ndugu, tunakusalimu, na tunakushukuru kwa kuendelea kununua kwetu. Tafadhali rejea ankara yetu ya tarehe 3 Machi ya mifuko 200 ya saruji, shilingi 3,400,000, ambayo muda wake wa malipo ulifika tarehe 2 Aprili. Mpaka leo hatujapokea malipo hayo. Tunaomba utulipe kabla ya tarehe 16 Aprili. Endapo umeshalipa, tunaomba ututumie nakala ya hati ya benki."

Hakuna "pengine" hata moja. Ulaini umo katika salamu na shukrani, katika "hatujapokea", na hasa katika "endapo umeshalipa", inayompa mdaiwa mahali pa kusimama bila aibu. Kiasi na tarehe havikuguswa. Ukiandika "mapema iwezekanavyo" badala ya tarehe 16 Aprili, umelainisha kisichofaa kulainishwa, na dalili ya kosa hilo utaiona haraka: mteja atajibu kwa furaha, atashukuru kwa ukumbusho, na hatalipa. Amesoma barua yako vizuri. Haikuwa na siku ndani yake.

Tarehe 23 Aprili barua ya pili inaondoka. Salamu imebaki lakini imefupishwa, shukrani imetoka, na mtu amerudi kwenye kitenzi: "Tulikuandikia tarehe 9 Aprili na hatujapata jibu. Bado hujalipa shilingi 3,400,000. Tunaomba ulipe kabla ya tarehe 30 Aprili, au utuandikie lini utalipa." Bado ni "hujalipa", bado ni "tunaomba".

Ya tatu, tarehe 7 Mei, ndiyo inayobadilisha kila kitu: "Hukulipa tarehe 2 Aprili kama tulivyokubaliana, wala hukujibu barua zetu mbili. Unatakiwa kulipa shilingi 3,400,000 ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Usipolipa, tutafungua shauri mahakamani." Hapa "ku" imechukua nafasi ya "ja", na "unatakiwa", neno ambalo lingekuwa kosa katika barua ya kwanza, sasa lipo mahali pake. Maneno hayajawa matusi. Ni vitenzi tu vilivyobadilika, na kila msomaji wa Kiswahili atajua kwamba maji yamezidi unga.

Kwa simu ngazi hizo hizo hupandwa kwa haraka zaidi. "Kaka, vipi, ule mzigo wa saruji?" Hakuna kitenzi, hakuna deni lililotajwa, na bado ni dai kamili: kuutaja mzigo tu kumetosha. "Nakukumbusha tu" ni hatua ya pili. Siku "kaka" inapogeuka "bwana", mdaiwa aanze kutafuta pesa.

Mgeni anayefanya biashara kwetu hupotea zaidi upande wa majibu. Ameomba punguzo, ameambiwa "tumelipokea, tunalifanyia kazi", akarudi kwao akaandika kwamba limekubaliwa. Mwenyeji angesikia vingine. Jibu la kikazi lisilo na tarehe wala jina la mtu wa kulifuatilia, mara nyingi, ni hapana iliyovaa kanzu. "Kwa sasa hatuna nafasi" vivyo hivyo: ile "kwa sasa" imewekwa kwa heshima yako, usiikalie kuisubiri. Anayetaka jibu la wazi aulize swali lenye siku: "Nije Alhamisi kuchukua mkataba?" Kama jibu litakuwa jingine lisilo na siku, amejibiwa.

Zipo pia barua ambazo hazistahili kulainishwa hata kwa "ja". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka taarifa ya kuachishwa kazi iwe ya maandishi, ikitaja sababu na tarehe, na kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28. Ukimwandikia mtu wa namna hiyo kwamba "imeshindikana kuendelea nawe kwa kipindi hiki", hujampunguzia maumivu. Umemwacha hajui kama arudi Jumatatu.

Kwa makarani wenzangu ambao bado mnaletewa barua za Kiingereza mzigeuze: msizitafsiri. Someni mjue ni deni kiasi gani, tarehe gani, na ni barua ya ngapi, kisha andikeni yenu. Bosi akitaka kuona kila neno lake, mpeni tafsiri ya neno kwa neno aiweke kwenye faili, na mteja mpelekeeni ile nyingine.