Mama wa kambo si mulozi: wazungu wawili walivyobadilisha hadithi, na deni tunalolipa sisi

Kamaradi mmoja wa machimbo ya koltani, upande wa Masisi, alifia ndani ya shimo. Mke wake wa kwanza alishakufa zamani na kumwachia binti wa miaka tisa. Alikuwa ameoa mke mwingine, na huyo hakuwa amemaliza hata mwaka mu nyumba. Sisi wa sendika tulienda matanga. Usiku wa pili, kabla hata kahawa haijaisha, neno likaanza kutembea kati ya viti: mu hii nyumba kuna mulozi. Wengine walisema ni mama wa kambo. Kesho yake mtumishi mmoja wa maombi akasema hapana, ni mtoto.

Mimi si mtu wa kucheka imani ya watu. Lakini siku ile nilijiuliza: mbona mwanamke mgeni na mtoto yatima ndio wanaonekana wa kwanza? Nimetafuta jibu, na nimelipata mahali sikutarajia, mu vitabu vya hadithi vya watoto.

Tuanze na mulozi wa kwetu. Hapa Goma tukisema «balozi» kila mtu anashtuka. Mtu wa pwani anasikia mtu wa serikali anayekaa ambasade. Mulozi wa kwetu hana kofia ndefu, hakai peke yake katikati ya pori. Ni jirani, ni shemeji, ni mtu mnayekula naye sahani moja. Mwalimu mmoja Mwingereza, Evans-Pritchard, aliishi kati ya Wazande, wale ambao wengine wao wako huku kwetu upande wa Uele. Mwaka 1937 alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Aliandika kwamba kwa Wazande ulozi ni kitu kinachokaa ndani ya tumbo la mtu, mtoto anakizaliwa nacho, na mtu anaweza kuwa nacho bila kujua.

Katika kitabu hicho kuna mfano ambao kila mchimbaji ataelewa. Ghala la chakula linaanguka na kuumiza watu waliokaa kivulini mwake. Wazande si wajinga: wanajua mchwa walikula nguzo. Wanachouliza ni kingine: kwa nini lianguke saa ile ile ambapo watu wale wamekaa pale? Hapo ndipo wanasema ulozi. Na sisi ni vile vile. Tunajua mvua ilinyesha, tunajua udongo ulilegea. Lakini kwa nini yeye, na si mwenzake aliyetoka kuvuta sigara?

Sasa mulozi wa kitabu. Yule tunayemwona mu filme na mu vitabu vya masomo, kizee cha pori mwenye nyumba ya keki, hana undugu na mtu. Unamsukuma ndani ya tanuru, hadithi imekwisha, hakuna anayelia. Mulozi wa kijiji anauawa akiwa na jina, na watoto, na shamba. Hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Katikati ya hao wawili anasimama mama wa kambo. Yeye yuko ndani ya nyumba kama mulozi wa kwetu, lakini damu si moja, kama yule wa kitabu. Alifikaje pale?

Wajerumani wawili, ndugu wa tumbo moja, Jacob na Wilhelm Grimm, walikusanya hadithi na kuzichapisha kuanzia mwaka 1812. Mu chapa ile ya kwanza, malkia anayetaka Blanche-Neige auawe sababu ya uzuri wake ni mama yake mzazi. Ndiyo, mama aliyembeba tumboni. Mu chapa ya pili, ya 1819, mama mzazi anakufa kwa kuzaa, na mwovu amekuwa mama wa kambo. Hadithi ya Hansel na Gretel, wale watoto wanaotupwa porini sababu ya njaa, ilikuwa vile vile: mwaka 1812 anayesema wakatupwe ni mama yao. Ilipofika chapa ya 1840, amegeuzwa mama wa kambo.

Kwa nini? Kitabu kilianza kama kazi ya watu wa elimu, lakini kikaingia mu nyumba za wazazi wenye watoto wadogo. Wilhelm, aliyekuwa anasahihisha zaidi, hakutaka mama mzazi aonekane mwovu. Uovu haukufutwa, ulihamishwa tu, ukapewa mwanamke mwingine.

Wasomaji wao hawakushangaa, sababu wakati ule Ulaya wanawake wengi walikufa kwa kuzaa na wanaume walioa tena. Watoto wa mke wa kwanza na wa pili waligombea mkate mmoja na urithi mmoja. Hata kabla ya hapo, mwaka 1697, Mfaransa Perrault alikuwa ameandika Cendrillon na mama wake wa kambo mbaya. Na nyanya zetu pia walitusimulia yatima anayetumwa mtoni usiku na mke wa baba yake. Kwa hiyo ndugu Grimm hawakumzaa mama wa kambo. Walimwongezea mizigo ambayo haikuwa yake. Halafu mwaka 1937 Walt Disney akaweka Blanche-Neige ndani ya filme, na malkia mwenye tunda la sumu akafika dunia nzima. Sisi tulimtambua mara moja: ile tunda ni karuho.

Turudi matangani. Asubuhi ya tatu tulishuka watu wanne kuangalia shimo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mbili mfululizo. Miti miwili ya kushikilia ukuta ilikuwa imeondolewa kwenda kutumika mu shimo lingine, na watu walirudishwa kazini bila mtu kuingia kwanza kukagua. Mchwa wa ghala letu walikuwa na miguu miwili.

Halafu angalia nani alipaza sauti zaidi juu ya ulozi: ndugu wa marehemu waliotaka kiwanja. Kodi ya familia ya 1987 inapatia watoto robo tatu za urithi, na mjane ana nafasi yake kati ya wanaopata ile inayobaki. Lakini mtoto aliyeitwa mulozi anakimbilia barabarani, na mjane aliyeitwa mulozi anarudi kwao mikono mitupu. Kiwanja kinabaki na aliyepiga kelele.

Sheria inajua mchezo huo. Katiba yetu, mu kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamtia aliyemshtaki jela mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini. Tulimsomea mkubwa wa familia kifungu kile, polepole, mbele ya wazee. Alinyamaza.

Mtoto yuko wapi leo? Anakaa na mama wake wa kambo, ambaye anauza makala sokoni. Juzi nilipita pale. Mama alikuwa anampigia kelele sababu ya sahani ambazo hazijaoshwa, kama mama yeyote wa Goma.