Godoro likinuka mkojo, usilimwagie maji

Msikilizaji mmoja alitupigia simu wakati wa kipindi cha asubuhi. Mtoto wake wa miaka sita alikojoa kitandani, naye kwa nia njema akalitoa godoro nje, akalimwagia ndoo nzima ya maji ya sabuni ya unga, akasugua na kulianika. Siku ya tatu juu palikuwa pakavu, lakini usiku mtoto alipolala, jasho na joto la mwili vikaamsha harufu mbaya kuliko ya mwanzo. Akatuuliza kama godoro limeshaharibika.

Tulimjibu kwamba kilicholiharibu zaidi ni ile ndoo. Magodoro mengi tunayolalia ni ya sponji, na sponji ina matundu madogo madogo yanayopitisha maji kutoka juu hadi chini. Mkojo wa mtoto mdogo mara nyingi huishia sehemu ya juu. Ukimwaga maji mengi, unausukuma ndani, unautawanya pembeni, kisha unaufungia humo, kwa sababu jua hukausha juu huku katikati pakibaki pabichi. Hapo ndipo vijidudu vinapofanya kazi. Vinaivunja yurea iliyo kwenye mkojo na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma pua kama ya zizi la mbuzi. Povu la sabuni nalo halitoki lote, hubaki ndani likinata na kushika uchafu.

Kwa hiyo kazi yote ni kuutoa mkojo kwenda juu, na kutumia majimaji kidogo kadiri inavyowezekana.

Tuseme umegundua saa kumi na mbili asubuhi, na doa lina ukubwa wa sahani ya chakula. Toa mashuka, kisha chukua kitambaa kikavu kinachonyonya, kama taulo kuukuu au kipande cha kanga ya pamba. Kikunje mara nne, kiweke juu ya doa, ukandamize kwa uzito wa goti huku ukihesabu hadi thelathini. Geuza upande mkavu, rudia. Usisugue, maana kusugua kunapanua doa. Endelea kubadilisha vitambaa mpaka kitambaa kiwe kinatoka na unyevu kidogo tu. Hatua hii watu huiruka kwa sababu inachosha, lakini kwa maoni yetu inafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote utakayonunua dukani.

Halafu changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Kwa doa la ukubwa huo, nusu kikombe cha chai cha mchanganyiko kinatosha. Kama huna chupa ya kupulizia, chukua chupa ya maji ya dukani, toboa kifuniko chake matundu matatu au manne kwa sindano iliyopashwa moto, uibinye taratibu ili inyunyize. Anzia ukingoni mwa doa ukielekea katikati. Amonia ni kali kwa namna moja na siki ni kali kwa namna iliyo kinyume chake, hivyo zikikutana harufu inapungua. Acha dakika kumi, kisha kandamiza tena kwa kitambaa kikavu. Harufu ya siki yenyewe huisha godoro linapokauka.

Doa likiwa na unyevu mdogo tu, nyunyizia bekingi soda, ule unga mweupe laini wa pakiti wanaotumia waoka keki. Vijiko vitatu au vinne vya chakula vinafunika doa la sahani. Usichukue bekingi poda, kwa kuwa ina wanga ndani yake, na wanga wenye unyevu ni chakula cha ukungu. Magadi ya kupikia maharage pia si kitu kile kile. Na usichanganye siki na soda kwenye kikombe kimoja ukidhani utapata dawa kali: zitachemka povu, zitamalizana nguvu, na kitakachobaki ni maji yenye chumvi tu. Acha unga huo saa nane hivi au usiku mzima, ndani ya nyumba, halafu ukung'ute na kuupangusa kwa brashi kavu.

Baada ya hapo ndipo jua. Simamisha godoro kwa ubavu, liegemee ukuta au kamba, upepo upite pande zote mbili. Usililaze juu ya ardhi. Upande wenye doa uelekee jua, na ulifunike kwa shuka jepesi, kwa sababu jua kali likiipiga sponji moja kwa moja siku baada ya siku huigeuza ya njano na kuifanya imegeke. Ligeuze katikati ya mchana, na uliingize ndani kabla ya umande wa jioni.

Utajuaje kuwa limekauka hadi ndani? Kugusa juu kwa kiganja kunadanganya. Weka kipande cha nailoni inayopenya mwanga juu ya sehemu ile, kandamiza kingo zake kwa vijiti, acha juani nusu saa. Ukikuta vitone vya maji upande wa ndani wa nailoni, bado kuna unyevu. Lirudishe kwenye upepo.

Kitu kimoja tunakisisitiza: usitumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ile wengi tunaiita jiki. Ikikutana na amonia ya mkojo, au na siki uliyokwisha kunyunyizia, hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na kifua. Ndani ya chumba kidogo ambamo watoto wanalala, hilo si jambo la kujaribu.

Godoro lililonuka kwa kuhifadhiwa kwenye unyevu, tuseme lilisimama stoo msimu wote wa masika, lina tatizo jingine: ni ukungu. Hilo halihitaji siki nyingi. Litoe nje, jifunge kitambaa puani, lipige brashi kavu, kisha jua na upepo kwa siku mbili tatu, na bekingi soda usiku wa katikati. Ukifungua zipu ya foronya yake na kukuta madoa meusi yameingia ndani ya sponji, hilo halitoki, na mwenye pumu asililalie. Safari nyingine usilifunge kwenye nailoni likiwa na ubaridi, na liweke juu ya mbao, si juu ya sakafu ya saruji.

Kwa godoro la yule msikilizaji tulimshauri akandamize pande zote mbili, arudie siki na soda mara mbili, na kila mara alikaushe kwa kipimo cha nailoni. Mkojo uliokaa miezi ndani ya sponji huacha chumvi zinazovuta unyevu, ndiyo maana harufu hurudi siku za mvua. Hizo hupungua, lakini mara nyingi haziishi kabisa. Baada ya hapo atandike nailoni nene au shuka la mpira chini ya shuka la kawaida.

Na mtoto asipigwe, kwani hukojoa akiwa usingizini. Ila kama alikuwa ameshaacha kwa miezi sita na zaidi kisha akaanza upya, au anakojoa kwa maumivu, au anakunywa maji mengi kupita kawaida huku akikonda, mpeleke zahanati mapema, siku hiyo hiyo kama ni hilo la kiu na kukonda, akapimwe mkojo na sukari.