Ramani Mbili za Oakland

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Kristian Lum na William Isaac, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu kumbukumbu za polisi wa Oakland, mji ulio ng'ambo ya ghuba ya San Francisco katika jimbo la California. Walichagua makosa ya dawa za kulevya yaliyoandikwa mwaka 2010 na kuyachora kwenye ramani, kila tukio mahali lilipotokea. Alama zilirundikana sehemu mbili: West Oakland, na mitaa inayopakana na barabara ya International Boulevard. Huko watu walikamatwa kwa makosa ya dawa karibu mara 200 zaidi ya kwingineko mjini. Wakazi wa mitaa hiyo wengi ni watu weusi na Walatino, na wengi wana kipato kidogo.

Kisha wakachora ramani ya pili. Hii haikutoka polisi. Serikali ya Marekani huendesha utafiti wa afya wa nchi nzima ambao huwauliza watu, kwa siri, kama wametumia dawa za kulevya. Lum na Isaac waliyachukua majibu hayo na kukadiria watumiaji wa Oakland wanaishi wapi. Ramani ya pili haikuwa na marundo mawili. Watumiaji walikuwa wametapakaa karibu mji mzima, mitaa ya matajiri ikiwemo.

Kwa hiyo ramani ya kwanza ilionyesha mahali polisi walipokuwa wakikamata watu. Ni taarifa ya kweli, lakini ni taarifa kuhusu kazi ya polisi. Na ndiyo taarifa ambayo kompyuta hupewa inapotakiwa kutabiri uhalifu.

Programu iliyovuma zaidi katika kazi hiyo iliitwa PredPol. Iliundwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya California wakishirikiana na polisi wa Los Angeles, na hesabu yake ilitokana na ile inayotumiwa na wataalamu wa matetemeko ya ardhi kukadiria mitetemo midogo inayofuata tetemeko kubwa. Mji uligawanywa katika viboksi vya mita 150 kwa 150. Kila kiboksi kilikuwa na kiwango chake cha kawaida, kilichotokana na matukio ya zamani, na kila tukio jipya lilikiongeza kwa muda kabla ya athari yake kufifia siku zilivyopita. Programu haikuuliza jina la mtu, rangi wala kabila. Ilihitaji mambo matatu tu: aina ya kosa, mahali na saa. Kila zamu, viboksi vyenye alama za juu vilionyeshwa kwa askari, na gari la doria lilipopata nafasi lilielekea huko.

Lum na Isaac walipitisha kumbukumbu za dawa za Oakland kwenye hesabu hiyo ambayo wenyewe walikuwa wameichapisha, wakaiamuru itabiri kila siku ya mwaka 2011. Ilirudi kulekule kwenye marundo mawili. Kama polisi wangeifuata, watu weusi wangelengwa karibu mara mbili ya weupe, ingawa utafiti wa afya ulionyesha kuwa matumizi ya dawa kwa makundi hayo yanakaribiana. Ndipo wakaongeza jambo moja linalofanana na maisha halisi: walichukulia kwamba askari akitumwa kwenye kiboksi, makosa yanayoonekana hapo yanaongezeka kwa asilimia 20, kwa sababu tu yupo pale kuyaona. Hesabu ikazidi kuamini kwamba viboksi vilevile ndivyo vyenye uhalifu, ilhali hakuna mtu mmoja aliyeongeza kuvuta bangi.

Namna jambo hilo linavyojijenga inaonekana vizuri kwa mitaa miwili ya kufikirika. Tuseme uhalifu wake ni sawasawa kabisa: askari akikaa saa 5 katika mtaa wowote kati ya hiyo, ataona kosa 1. Kumbukumbu za mwaka jana zinasema mtaa wa kwanza una makosa 11 na wa pili 10. Tofauti ni ya bahati tu. Kuna gari moja, na kanuni ni kulipeleka kwenye mtaa wenye namba kubwa. Siku ya kwanza linakwenda mtaa wa kwanza, linakaa saa 5, linarudi na kosa 1. Sasa ni 12 kwa 10. Kesho ni 13 kwa 10. Baada ya siku 30 daftari linasoma 41 kwa 10, na ofisa yeyote anayelitazama ataapa kwamba mtaa wa kwanza ni hatari mara nne. Mtaa wa pili hauwezi kujirekebishia hesabu, kwa maana hakuna anayekwenda kutazama.

Waundaji wa PredPol walikuwa na jibu, na linastahili kusikilizwa. Walisema hawatumii makosa ya dawa, bali makosa ambayo kwa kawaida mwathirika mwenyewe huyaripoti, kama wizi wa majumbani na wa magari. Hapo wana hoja. Gari likiibwa, mwenye gari atapiga simu hata kama hakuna askari aliyepita, kwa hiyo mzunguko unalegea. Lakini haukatiki. Si kila mwathirika hupiga simu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulitumia takwimu za Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ambako watu waliulizwa kama wamepatwa na uhalifu na kama waliuripoti. Kiwango cha kuripoti kilitofautiana sana kati ya wilaya na wilaya, na hesabu ya aina hiyohiyo ikazipunja baadhi ya wilaya zenye waathirika wengi wasiokwenda polisi. Mtaa unaowaogopa polisi huonekana mtulivu kwenye kompyuta.

Kwa makosa ambayo askari huyaona mwenyewe, kuna dawa, na si ngumu. Mwaka 2018 Danielle Ensign na wenzake walionyesha kimahesabu kwamba kinachohitajika ni kupunguza uzito wa tukio kulingana na doria iliyolizaa. Gari likipelekwa mtaa wa kwanza siku 8 kati ya 10 na wa pili siku 2, basi makosa yaliyoonekana mtaa wa kwanza yaingizwe kwa uwezekano wa asilimia 20, na ya mtaa wa pili kwa asilimia 80. Nane mara mbili ni 16, na mbili mara nane ni 16. Faida ya kutembelewa mara nyingi inafutika, na kinachobaki ni tofauti ya kweli kama ipo. Ila sharti lake ni gari kufika kila mtaa walau mara mojamoja, na daftari kuwa na safu mbili ambazo mara nyingi hazimo: nani alileta taarifa, raia au askari, na askari walikaa pale saa ngapi.

Los Angeles ilijaribu kujua saa hizo. Mkaguzi wa polisi wa mji huo alipoipima PredPol mwaka 2019, alikuta kumbukumbu za muda ambao magari yalikaa kwenye viboksi zina kasoro, na hakuweza kusema kama programu imepunguza uhalifu. Mwaka uliofuata polisi wa mji huo waliiacha, wakitaja ukata wa fedha. Santa Cruz, mji ambako kampuni hiyo ilianzia, ulipiga marufuku utabiri wa aina hii Juni 2020. Oakland, ambayo haikuwahi kuinunua programu hiyo, ikafuata Januari 2021.