Pampu ya Maji Inayowaka na Kuzima Mfululizo: Upepo wa Tangi Upimwe Kabla ya Kununua Pampu Mpya

Wananchi wengi waliofunga pampu za presha majumbani huifahamu hali hii: bomba linafunguliwa, pampu inaunguruma kwa sekunde mbili au tatu, inazima, kisha inawaka tena kabla ndoo haijafika nusu. Baada ya wiki kadhaa mota huanza kutoa harufu ya kuungua, na mara nyingi mwenye nyumba huambiwa kwamba pampu imekufa hivyo anunue nyingine. Pampu mpya ikifungwa kwenye mfumo uleule, ugonjwa hurudi, kwa kuwa katika hali nyingi kasoro haikuwa kwenye pampu bali kwenye tangi dogo la chuma lililo kando yake.

Tangi hilo, ambalo kwa nyumba za kawaida huwa la lita 24, lina mpira ndani yake unaotenganisha maji na upepo. Pampu inaposukuma maji, mpira hujaa na kuubana upepo. Bomba linapofunguliwa, upepo uliobanwa ndio unaoyasukuma maji hadi bombani huku pampu ikiwa imezima. Swichi ya presha iliyofungwa kwenye mfumo huo huwasha pampu msukumo unaposhuka hadi kiwango cha chini, na kuizima unapofika kiwango cha juu. Katika pampu nyingi za nyumbani viwango hivyo ni bar 1.4 na bar 2.8, na husomeka kwenye geji.

Upepo ukivuja, maji huchukua nafasi yake. Maji hayabanwi kama upepo, hivyo kikombe kimoja tu kikitoka msukumo huporomoka na swichi huiwasha pampu, kisha kikombe kimoja kikiingia msukumo hupanda ghafla na swichi huizima. Kila mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikiwa katika mwendo, na joto la kuanza mara nyingi bila kupumzika ndilo linaloziunguza nyaya zake.

Njia rahisi ya kuthibitisha hali ya tangi ni ndoo iliyowekewa alama za lita. Mabomba yote yafungwe na pampu iachwe hadi izime yenyewe kwenye bar 2.8, kisha umeme wake ukatwe. Bomba moja lifunguliwe juu ya ndoo hadi geji isome bar 1.4, na maji yaliyotoka yapimwe. Tangi la lita 24 lenye upepo wa kutosha hutoa takriban lita 8. Maji yakiwa lita moja au vikombe viwili, tangi limepoteza upepo, na hakuna marekebisho ya swichi yatakayolitibu. Aidha, mnunuzi asitarajie tangi la lita 24 limpatie lita 24, kwani sehemu kubwa ya ujazo huo ni makazi ya upepo.

Hatua inayofuata ni kupima upepo wenyewe, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Baadhi ya mafundi huweka geji ya tairi kwenye tangi likiwa bado na maji yenye msukumo. Kinachosomeka wakati huo ni msukumo wa maji, si upepo uliojazwa, na tangi bovu linaweza kuonekana zima. Umeme ukishakatwa, bomba liachwe wazi hadi maji yakome kabisa na geji ya pampu isome sifuri. Kisha kifuniko cha plastiki kwenye tangi kifunguliwe. Chini yake kuna sehemu ya kujazia upepo inayofanana na ya tairi la gari. Iwapo ikibonyezwa yanatoka maji badala ya upepo, mpira umepasuka. Hapo kujaza upepo ni kazi bure. Ubadilishwe mpira, au tangi zima ikiwa ni aina isiyofunguka.

Iwapo unatoka upepo, ujazwe hadi ufike bar 0.2 chini ya kiwango cha kuwasha pampu. Kwa swichi inayowasha kwenye bar 1.4, upepo unaotakiwa ni bar 1.2, sawa na takriban psi 17 kwenye geji za mafundi wa tairi. Ni vyema ikafahamika kwamba matangi mengi hutoka kiwandani yakiwa na upepo wa karibu bar 1.5. Tangi la namna hiyo likifungwa kwenye swichi ya bar 1.4 bila kupunguzwa upepo, maji hukatika kwa muda mfupi bombani kabla pampu haijawaka, na mtumiaji hudhani tangi jipya ni bovu.

Hata hivyo, si kila pampu inayowaka ovyo ina tatizo la upepo. Dalili ya pili ni pampu kuwaka yenyewe usiku wakati hakuna anayetumia maji. Hiyo humaanisha kwamba maji yanatoka mahali fulani. Ikiwa tangi lina lita zake 8 na pampu inawaka kila baada ya dakika 20, nyumba inapoteza lita 24 kwa saa, takriban lita 576 kwa siku. Kiasi hicho kinaweza kupita kwenye tangi la choo ambalo boya lake halifungi, kikitiririka kimya ndani ya sinki bila sakafu kulowa.

Ili kujua upande wa kasoro, koki iliyo kati ya tangi la presha na mabomba ya nyumba ifungwe huku pampu ikiwa imezima. Mshale wa geji ukitulia, uvujaji uko ndani ya nyumba. Ukiendelea kushuka ilhali hakuna unyevu kwenye viungo vya pampu, maji yanarudi nyuma kwenye simtanki kupitia valvu ya kuzuia maji kurudi, ambayo huenda imeshikwa na mchanga. Katika hali hiyo bili ya maji haipandi. Kinacholiwa ni uniti za LUKU na uhai wa mota.

Swichi ichunguzwe mwisho, umeme ukiwa umekatwa kwenye swichi kuu. Kijitundu kinachopeleka maji kwenye swichi kinaweza kuziba kwa kutu, nayo ikachelewa kuhisi msukumo au kuruka-ruka. Chini ya kifuniko chake huwa na nati mbili kwa aina nyingi: kubwa huhamisha viwango vyote viwili kwa pamoja, na ndogo hubadilisha tofauti iliyopo kati yake. Fundi anayekaza nati kubwa ili bafu lipate maji yenye nguvu, akaifanya pampu iwake kwenye bar 2.0, analazimika pia kuongeza upepo wa tangi hadi bar 1.8. Akilisahau hilo, lita zinazohifadhiwa hupungua na pampu huanza kuwaka mara nyingi zaidi. Vilevile, kiwango cha kuzima kikipandishwa kupita uwezo wa pampu, haitazima kabisa, itaendelea kuzunguka mabomba yakiwa yamefungwa hadi maji yaliyomo ndani yake yapate moto.