Kutoka gramu 48 hadi 66: hesabu ya samaki kwa mgonjwa wa figo Kyela

Wilayani Kyela samaki hawatafutwi mbali. Usipa waliokaushwa juani wapo kila soko, magege na mbasa wanaingia alfajiri, na kambale wa mabondeni hakosekani msimu wa mvua. Ndiyo maana mgonjwa wa figo aliyeambiwa kliniki apunguze samaki hushangaa miezi michache baadaye, alipokwisha kuanza kusafishwa damu, anapoambiwa ale samaki zaidi. Nyumbani huonekana kama wataalamu wamegeuza maneno, na wengine huamua kushika agizo la kwanza kwa kuwa ndilo lililowatisha zaidi.

Maagizo yote mawili ni sahihi. Kilichobadilika ni kazi inayofanywa na figo na kazi inayofanywa na mashine.

Chukua mfano wa kubuni wa mkulima wa mpunga wa Ipinda mwenye umri wa miaka 54, asiye na kisukari, ambaye figo zake zimefika hatua ya 4 kati ya 5. Mizani inasoma kilo 66. Miguu yake imevimba, ukibonyeza kidole juu ya kifundo shimo linabaki, na kadi yake ya kliniki inaonyesha kuwa kabla ya kuvimba alikuwa na kilo 60. Hapo ndipo hesabu nyingi hupotea kabla hata hazijaanza, kwa sababu kilo sita za ziada ni maji, na maji hayahitaji protini. Uzito wa kutumia ni uzito mkavu, ule wa mwili usio na uvimbe, ambao kwa mgonjwa huyu ni kilo 60.

Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2024 unapendekeza gramu 0.8 za protini kwa kila kilo kwa siku kwa mgonjwa ambaye hajaanza kusafishwa damu. Wamarekani wa KDOQI, katika mwongozo wao wa mwaka 2020, walikwenda chini zaidi kwa asiye na kisukari: gramu 0.55 hadi 0.60, tena chini ya uangalizi wa karibu wa daktari na mtaalamu wa lishe. Sharti hilo si la kupuuzwa. Mtu anayekula gramu 0.6 bila nishati ya kutosha mwili wake huchoma misuli yake wenyewe, na anayepimwa mara chache afadhali abaki kwenye 0.8. Kwa mkulima wetu, 60 mara 0.8 ni gramu 48 kwa siku.

Gramu 48 ni za protini, si za samaki. Kipande cha samaki aliyepikwa chenye gramu 100, bila mifupa, kina protini ya takribani gramu 24. Na Kyela kuna jambo ambalo ushauri wa jumla husahau: wali nao una protini. Mtu anayekula gramu 300 za mchele kwa siku, zilizopimwa kabla ya kupikwa, ameshaingiza takribani gramu 21 kabla hajagusa kitoweo. Ongeza gramu 2 kutoka kwenye ndizi kidogo zilizochemshwa na maji yake kumwagwa ili kupunguza potasiamu, na gramu 4 kutoka kwenye mboga na vingine. Jumla ni 27. Kilichobaki kwa samaki ni gramu 21, yaani kipande kimoja kisichofika gramu 90. Nishati hutoka kwenye wali na mafuta; mwili wa kilo 60 unahitaji kalori kati ya 1,500 na 2,100 kwa siku, na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya kupikia huleta zaidi ya 300 bila kuongeza protini hata chembe.

Je, anafuata? Mkojo husema. Protini ikishatumika mwilini huacha yurea, na figo, hata zikiwa dhaifu, huitoa. Mgonjwa hukusanya mkojo wa saa 24 kamili, na maabara hupima yurea iliyomo. Tuseme ni milimoli 290. Zidisha kwa 0.028 upate gramu 8.1 za nitrojeni. Ongeza nitrojeni inayotoka kwa njia nyingine, ambayo ni 0.031 mara uzito, yaani 1.9. Jumla ni 10, na 10 mara 6.25 ni gramu 62.5 za protini. Alikuwa amepangiwa 48. Kabla ya kumlaumu, muulize kama mkojo wa kwanza wa asubuhi uliingizwa kimakosa, kwani mkojo uliokusanywa kwa saa 30 nao hupandisha jibu. Kipimo hiki pia hakifai kwa mtu mwenye homa au anayepungua uzito haraka, kwa sababu yurea yake inatoka kwenye misuli yake.

Kisha inafika siku ya mashine. Mgonjwa wa Kyela hupanda hadi Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100 kupitia Tukuyu, kwa dialisisi ambayo kwa kawaida hufanyika mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kichujio cha mashine hakichagui vizuri kama figo. Pamoja na taka, huondoa asidi amino, ambazo ni matofali ya protini, takribani gramu 6 hadi 12 kila kipindi. Mwili pia hubaki katika hali ya uvimbe wa ndani usioonekana, unaochakaza misuli. Na sababu ya kuogopa yurea imepungua, maana mashine sasa inaiondoa.

Kwa hiyo kipimo kinapanda hadi gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Kwa kilo zilezile 60, ni kati ya 60 na 72, tuchukue 66. Wali, ndizi na mboga bado ni 27. Zinabaki 39: kipande cha samaki cha gramu 100 na mayai mawili yenye takribani gramu 13 hufikisha 37. Inatosha, bila mezani kuongezeka chungu.

Usipa hapa wana mtego wao. Gramu 30 za usipa wakavu zina protini karibu gramu 18, nzuri na rahisi, lakini huliwa na mifupa, na mifupa ni fosforasi ambayo mashine huiondoa kwa uchache. Mwenye fosforasi iliyopanda afadhali ale nyama ya magege, au ute wa yai, na kumeza vidonge vyake vya kuzuia fosforasi pamoja na chakula, si wakati wa kulala.

Anayeendelea na gramu 48 za zamani hukonda polepole, na mizani inaweza isimshtaki. Misuli ikipungua kilo mbili, maji kilo mbili huchukua nafasi, na namba hubaki 60. Dalili hutokea pembeni: shinikizo la damu linapanda bila sababu, mgonjwa anakohoa akilala chali usiku, suruali inalegea kiunoni huku kifundo kikiwa kimejaa. Muuguzi wa kitengo anayeona hayo hushusha uzito mkavu kwa nusu kilo katika vipindi kadhaa, huku akiuliza nini kililiwa jana. Yurea ya damu iliyo chini kabla ya kuunganishwa mashine nayo si habari njema peke yake. Mara nyingi ni ya mtu asiyekula.